Gotham Isipopatikana: Namna ya Kupata Fonti Huria Inayokaribiana Nayo

Kampuni yenye mwongozo wa chapa huwa imechagua fonti moja au mbili zitakazotumika katika kila kitu kinachotoka kwa jina lake, kuanzia bango la barabarani hadi barua ya ofisi. Mara nyingi fonti hiyo ni ya kulipia, na kinachonunuliwa si herufi bali ruhusa ya kuzitumia. Ruhusa ya kuweka fonti kwenye kompyuta za wafanyakazi haimaanishi kwamba inaweza kupakiwa kwenye tovuti, na ruhusa ya tovuti haifiki kwenye programu ya simu. Mbunifu wa nje aliyepewa kazi na kampuni hiyo naye kwa kawaida hahesabiki kuwa mfanyakazi wake. Mteja akimtumia faili la fonti kwa barua pepe kwa nia njema, anakuwa amemkabidhi kitu ambacho leseni haimruhusu kukigawa.

Hapo ndipo kazi hukwama. Bajeti haina fungu la fonti, au leseni ya programu ya simu inalipiwa kila mwaka na mteja hataki mzigo huo, au mradi wenyewe ni wa programu huria ambayo kila mtu ataweza kuipakua pamoja na mafaili yake yote. Njia za mkato zipo na zote ni mbaya. Fonti iliyochomolewa ndani ya PDF mara nyingi huwa na zile herufi tu zilizotumika katika waraka ule, na haina leseni. Tovuti zinazogawa fonti za kulipia bila malipo hugawa mali ya wizi. Hata fonti iliyoandikwa kuwa ni ya bure inaweza kuwa ya bure kwa matumizi binafsi pekee, na brosha ya kampuni si matumizi binafsi.

Fonti huria ya kweli huja na maandishi ya leseni yake. Inayotumika zaidi ni SIL Open Font License, ambayo toleo lake la 1.1 lilitoka mwaka 2007. Inaruhusu matumizi ya kibiashara, kuchapa, kuweka kwenye tovuti na kupachika ndani ya programu. Inakataza kuiuza fonti yenyewe peke yake, na anayeigawa lazima aambatanishe maandishi ya leseni. Ndani ya kifurushi kilichopakuliwa huwa kuna faili liitwalo `OFL.txt`. Likikosekana, fonti ipakuliwe upya kutoka Google Fonts au kutoka kwa mchoraji mwenyewe.

Gotham ni mfano mzuri, kwa kuwa imeenea sana katika miongozo ya chapa. Ilichorwa na Tobias Frere-Jones mwaka 2000 kwa ajili ya jarida la GQ la Marekani, na mwaka 2008 ikajulikana duniani kupitia mabango ya kampeni ya Barack Obama. Herufi zake zilitokana na maandishi ya kwenye majengo ya zamani ya jiji la New York: mapana, ya duara, yasiyo na madoido.

Fonti huria inayotajwa mara nyingi kuwa mbadala wake ni Montserrat ya Julieta Ulanovsky, mbunifu wa Buenos Aires. Yeye aliangalia mabango na vibao vya zamani vya mtaa wake, ambao ndio uliompa jina la fonti. Kwa hiyo kufanana kwa fonti hizi mbili kuna sababu inayoeleweka: zote zimetoka kwenye maandishi ya mijini ya nusu ya kwanza ya karne ya 20. Anayetafuta mbadala wa fonti nyingine yoyote afuate njia hiyo hiyo, yaani aanze na asili ya fonti kabla ya kutazama herufi mojamoja. Futura ya Paul Renner ya mwaka 1927 imejengwa kwa duara na mistari iliyonyooka, na mbadala wake wa karibu ni Jost, iliyochorwa kwa kuitazama Futura hiyo. Mtu akitafuta mbadala wa Futura miongoni mwa fonti za ukoo wa Helvetica atapoteza muda.

Hatua inayofuata ni kulinganisha, na hapa jicho peke yake halitoshi. Mwongozo wa chapa wa mteja, ambao huja kama PDF, una mistari mingi iliyoandikwa kwa Gotham. Mbunifu huchukua mstari mmoja, huuandika upya kwa Montserrat kwa ukubwa uleule, kisha huweka mmoja juu ya mwingine. Kinachopimwa kwanza ni kimo cha herufi ndogo kama x, kwa sababu ndicho kinachoamua maandishi yaonekane makubwa au madogo. Fonti mbili zilizowekwa pointi 10 zinaweza kutofautiana wazi kwa kimo hicho, kwani pointi hupima nafasi aliyoitenga mchoraji na si herufi yenyewe. Kimo kikishalingana, ndipo upana hupimwa.

Montserrat ni pana kuliko Gotham, na jambo hilo ndilo linaloharibu kazi nyingi. Tuchukulie mstari wa herufi 60 ambao kwa Gotham ya pointi 10 ulikuwa milimita 100, na kwa Montserrat umefika 106. Mbunifu anaweza kutaka kuusogeza kwa kubana nafasi kati ya herufi. Milimita 6 zikigawanywa kwa herufi 60 ni milimita 0.1 kwa kila herufi. Pointi 10 ni kama milimita 3.5, hivyo kila herufi itabanwa kwa karibu sehemu 28 kati ya 1000 za ukubwa wa fonti. Hiyo ni nyingi mno kwa maandishi ya kusoma: herufi r na n zikifuatana huanza kuonekana kama m. Kubana kwa sehemu 10 kunavumilika, na hapa kutaokoa milimita 2 hivi. Ukubwa ukishushwa pia kutoka pointi 10 hadi 9.8, mstari unabaki karibu milimita 102. Asilimia 2 iliyosalia ni bora ikubaliwe tu. Katika ukurasa wa mistari 50 itaongeza mstari mmoja, na mhariri anaweza kuumaliza kwa kufuta maneno machache.

Kitu kisichofaa kabisa ni kuziminya herufi zenyewe kwa upana kwa kutumia kompyuta. Nguzo za wima hukonda huku mistari ya mlalo ikibaki na unene wake, na matokeo yake hata msomaji asiyejua lolote kuhusu fonti huhisi kuna kasoro.

Uzito nao ulinganishwe kwa kuuona, wala si kwa majina. Uzito wa kawaida wa Gotham huitwa Book, jina ambalo Montserrat haina. Montserrat ina ngazi tisa za uzito, kila moja na italiki yake, kwa hiyo nafasi ya kuchagua ni kubwa. Kipimo kizuri ni kuchapa aya moja kwa ngazi mbili zinazofuatana kwenye karatasi ileile itakayotumika, kisha kuitazama kwa mbali macho yakiwa yamefumbwa nusu. Aya ambayo weusi wake unalingana na ule wa mwongozo ndiyo yenye uzito unaofaa.

Zipo herufi zinazoisaliti Montserrat mara moja. J yake kubwa ina mkono mdogo juu upande wa kushoto, ambao J ya Gotham haina. G yake kubwa haina ule mstari wa mlalo unaoingia ndani, wakati G ya Gotham unao. Kama jina la mteja au kauli mbiu yake ina J au G, tofauti itaonekana kwenye kichwa cha kila ukurasa. Ndiyo sababu majaribio yafanywe kwa maneno halisi ya mteja badala ya sentensi ya mfano iliyo kwenye tovuti ya fonti.

Tarakimu husahaulika sana. Raleway, fonti huria nyingine ambayo watu huikimbilia, kwa kawaida huandika tarakimu za mtindo wa kale, ambazo nyingine hushuka chini ya mstari na nyingine hubaki juu. Katika aya ya simulizi zinapendeza, lakini katika orodha ya bei au jedwali la mapato zinamchosha msomaji.

Kwa kazi za Afrika Mashariki kuna kipimo kingine. Kiswahili chenyewe hakina herufi za ziada, ila kinataka kipashio cha ng' kikae vizuri, kwa hiyo neno kama ng'ombe lijaribiwe katika kila uzito. Majina ya Kikuyu yanahitaji ĩ na ũ, na fonti isiyo nazo itaazima herufi hizo kutoka fonti nyingine, zionekane ngeni katikati ya jina la mtu. Njia ya haraka ya kujua ni kuangalia kama fonti inatumika kwa Kivietinamu, kwa kuwa lugha hiyo nayo hutumia ĩ na ũ. Montserrat imo katika kundi hilo. Kwa Kilingala, chenye ɛ na ɔ, kipimo hicho hakisaidii. Lazima herufi zenyewe ziandikwe na kutazamwa.

Kwenye tovuti kuna mtego mmoja. Baadhi ya wabunifu huitaja Gotham kwanza na kuiweka Montserrat nyuma yake kama akiba. Aliye na Gotham kwenye kompyuta yake, ambaye mara nyingi ndiye mteja, ataona ukurasa mmoja, na wageni wote wataona mwingine. Itajwe fonti inayotumika kweli:

```css
h1 {
  font-family: "Montserrat", sans-serif;
  letter-spacing: -0.01em;
}
```

Hali ni nyepesi zaidi kama fonti ya chapa ni mojawapo ya zile za ofisini. Liberation Sans, iliyotolewa na Red Hat mwaka 2007, ilichorwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa herufi ya Arial, na Carlito inalingana hivyo na Calibri. Mistari hukatika palepale, na waraka wa kurasa 40 hubaki kurasa 40. Gotham haina mbadala wa aina hiyo, ndiyo maana vipimo vyote vya hapo juu vinahitajika.

Nembo haiguswi katika kazi hii yote. Haiandikwi upya kwa fonti mbadala hata kama inaonekana kufanana. Hutumiwa faili la mchoro ambalo mteja analo, ambalo herufi zake zimeshageuzwa kuwa maumbo. Mbadala nao usiwekwe kimyakimya. Mteja aonyeshwe ukurasa mmoja wenye maneno yake mwenyewe, aambiwe wazi ni fonti gani na kwa nini, na akikubali, jina la fonti, uzito na ukubwa viandikwe katika mwongozo wake ili mbunifu atakayefuata asianze upya. Akikataa kwa sababu ya vichwa vya habari tu, anunue leseni ya uzito mmoja wa Gotham kwa ajili ya vichwa hivyo, na aya zote ziandikwe kwa fonti huria ya mtindo tofauti kabisa. Gotham na Montserrat zikikaa ukurasa mmoja, tofauti zao ndogo huonekana kama makosa ya uchapaji.