Sita Iliyosomeka Nane: Barua ya Mwalimu wa Hisabati kuhusu Picha za Maswali

Wanangu wa Kidato cha Tatu, pamoja nanyi wazazi mnaowaazima simu wakati huu wa likizo,

Juzi usiku mwenzenu mmoja alinitumia picha ya swali la takwimu kwa simu ya mama yake. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mwalimu. Nimepata wastani 37 lakini kitabu kinasema 37.5. Naomba uniangalizie." Nikaitikia marahaba, nikaikuza picha kwa vidole, nikalinakili jedwali kwenye karatasi na kulikokotoa mwenyewe. Nikapata 36.9. Ukikadiria, hiyo ni 37. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba yuko sahihi na kitabu ndicho kilichokosea.

Asubuhi akanitumia picha nyingine, safari hii amepigia karibu na dirisha. Nilipoisoma nilitahayari. Swali lenyewe ni hili: alama za wanafunzi 40 zimepangwa katika makundi matano.

Alama: 10–19, 20–29, 30–39, 40–49, 50–59
Wanafunzi: 4, 6, 12, 10, 8

Usiku ule ile 6 ya kundi la pili niliisoma 8. Kosa hilo moja liliifanya jumla ya wanafunzi iwe 42 na wastani uwe 36.9. Mwenzenu naye alikuwa na kosa lake tofauti kabisa: katikati ya 10 na 19 ni 14.5, ila yeye alitumia 14, akaendelea na 24, 34, 44 na 54, ndiyo maana akapata 37 kamili. Makosa mawili yasiyojuana yakakutana karibu na namba moja, na mimi nikalithibitisha kosa lake kwa kosa langu. Jibu sahihi ni 1500 kugawanya kwa 40, yaani 37.5, kama kitabu kilivyosema.

Nimemwomba radhi. Ila nimeona niwaandikie nyote, kwa sababu picha ile haikuwa mbaya kwa macho. Ukiitazama unakiona kitabu, unaliona jedwali, unaona hata kikombe cha chai pembeni. Tatizo ni kwamba picha ya swali hupigwa ili isomwe. Katika sentensi, herufi ikififia maneno ya jirani hukusaidia kuibahatisha: ukiona "mwa-imu" unajua ni mwalimu. Namba kwenye jedwali haina jirani wa kuitetea. Sita ikififia, hakuna kitu kushoto wala kulia kinachosema kwamba haiwezi kuwa nane.

Kwa nini sita iligeuka nane? Mwenzenu alipiga kitabu kikiwa wazi, kurasa zote mbili, pamoja na sehemu ya meza. Upana wa vyote hivyo ulikuwa kama nusu mita. Picha ya simu imejengwa kwa vitone vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa upande mrefu, lakini WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza hadi karibu 1600 ili isile bando. Gawanya 1600 kwa milimita 500: kila milimita ya kitabu imebakiwa na pikseli tatu tu na kidogo. Tarakimu ya kitabuni ina kimo cha milimita mbili na nusu hivi, kwa hiyo sita nzima ilichorwa kwa vitone kama vinane kwenda juu. Ule uwazi unaoitofautisha na nane, pale juu kulia, ulibaki na kitone kimoja au viwili.

Hapo hatujataja ubanaji. Picha za aina ya JPEG hubanwa kwa kukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande maelezo madogo kabisa ndiyo hutupwa kwanza. Sita yetu ilikuwa na ukubwa wa kipande kimoja. Uwazi wake ulikuwa ndiyo hayo maelezo madogo.

Dawa yake ni kusogea. Swali lile lilichukua sentimita 12 tu za ukurasa. Lingejaza picha peke yake, kila milimita ingepata pikseli 13, mara nne ya mwanzo, kwa simu ileile na bando lilelile. Kwa hiyo piga swali moja kwa picha moja. Swali likiwa refu, ligawe mara mbili, na mstari wa mwisho wa picha ya kwanza urudiwe juu ya picha ya pili ili nijue hakuna kilichoruka katikati. Lakini usikate kichwa cha swali. Picha ya usiku ule iliyakata juu maneno "wanafunzi 40". Ningeyaona, jumla yangu ya 42 ingenishtua palepale.

Kusogea nako kuna mpaka wake. Ukiipeleka simu karibu mno, lenzi hushindwa kulenga na maandishi yote huvimba. Simama pale ambapo maandishi bado yanaonekana makali kwenye skrini, kisha punguza kingo za picha hadi swali libaki peke yake. Gusa jedwali kwenye skrini ili kamera ilenge hapo, subiri kidogo, ndipo upige. Simu iwe sambamba na ukurasa. Ukiinamisha, safu za mbali zinakuwa ndogo kuliko za karibu, na hizo za mbali ndizo zitakazopotea. Angalia pembe za jedwali: zikionekana mraba kwenye skrini, umenyoosha. Kitabu kinene hupinda karibu na mshono, na safu iliyoko huko hubanana, kwa hiyo kilaze na ukibonyeze kwa rula kabla ya kupiga.

Mwanga mzuri ni wa dirisha, ukitokea ubavuni. Ukiwa na taa moja tu juu ya kichwa, kivuli chako na cha simu vinaangukia swali. Flashi nayo inaacha doa jeupe kwenye karatasi inayong'aa, na maandishi ya penseli ndiyo yanayoumia zaidi, kwa kuwa risasi ya penseli yenyewe inang'aa na kugeuka rangi ya karatasi. Usiku, weka taa mbili, moja kila upande, au ngoja kukuche. Na kabla ya yote, futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Simu inayokaa mfukoni na kushikwa na mikono ya jikoni ina mafuta kwenye lenzi, na mafuta huitandaza picha nzima ukungu.

Picha ikitoka vibaya, itazame ujue imeugua nini. Kila mstari ukionekana umejirudia kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika: egemeza viwiko mezani upige tena. Nukta zikivimba na kupauka pande zote sawasawa, lenzi haikulenga: rudi nyuma kidogo. Ukiona maandishi ya ukurasa wa nyuma yanapenya, ingiza karatasi nyeusi chini ya ukurasa unaoupiga, yatatoweka.

Sasa nizungumzie alama, maana takwimu ina alama ndogo zinazobeba mzigo mkubwa. Chukua namba 2, 3 na 5. Σx² inakuambia uzipandishe kila moja kwenye kipeo cha pili kisha ujumlishe: 4 na 9 na 25, jumla 38. (Σx)² inakuambia ujumlishe kwanza, upate 10, kisha upandishe: 100. Kinachotenganisha 38 na 100 ni mabano mawili membamba ya penseli. Yakififia, ninaona swali jingine kabisa.

Vivyo hivyo kistari kinachokaa juu ya x̄, ambacho ndicho kinachosema "huu ni wastani". Kitabuni unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kwenye kauntabuku adui yake ni mwingine: mstari wa buluu wa daftari. Ukiandika x ikagusa mstari wa juu yake, mimi sijui kama kistari ni chako au cha kiwanda. Andika x katikati ya nafasi, kistari chake kielee peke yake, na tumia kalamu nyeusi au ya buluu iliyokolea. Nukta ya desimali iwe nukta hasa, ukandamize kalamu, 14.5 isiwe 145. Na katika kanuni ya namba ya katikati, zile herufi ndogo za chini, n_b na n_w, ziandike kubwa kidogo kuliko ulivyozoea. Ya kwanza ni idadi iliyo chini ya kundi letu, ya pili ni idadi iliyo ndani yake. Katika jedwali letu ni 10 na 12, na jibu ni 37.8. Ukizibadilishana, unapata 37.5, jibu linaloonekana la maana kabisa, tena limefanana na wastani!

Picha ikiwa tayari, itume kwa ubora wa juu: kabla ya kubonyeza tuma, gusa alama ya HD juu ya skrini. Kama ukurasa umejaa vitu vidogo, itume kama faili kupitia Document, nayo itafika kama ilivyopigwa bila kupunguzwa. Inakula bando zaidi, kwa hiyo ifanye pale tu inapohitajika. Usipige skrinshoti ya picha ukanitumia, na usichukue iliyokwisha kupunguzwa ukaituma upya kwa HD. Kilichotupwa hakirudi.

Mwisho kuna jambo ambalo lingeniokoa usiku ule hata kwa picha mbovu. Kabla ya kutuma, fungua picha, ikuze, kisha soma namba zake kwa sauti ukizilinganisha na kitabu. Halafu chini ya picha andika kwa maneno ya kawaida mistari miwili ya namna hii:

Makundi 5, jumla ya wanafunzi 40.
Kundi la kwanza 4, la mwisho 8.

Maandishi hayabanwi kama picha, yanafika yalivyo. Nami kazi yangu ya kwanza kabla sijagusa kikokotoo itakuwa kujumlisha safu ya marudio. Nikipata 42 mahali ulipoandika 40, nitajua jicho langu limenidanganya, na nitakuuliza kabla sijakujibu. Fahamuni tu kwamba jumla haikamati kila kitu: nikisoma 6 kuwa 8 na tena 12 kuwa 10, nitapata 40 bila wasiwasi wowote. Ndiyo maana jumla haichukui nafasi ya picha safi.

Mwenzenu amesahihisha zile namba za katikati na amepata 37.5. Swali la pili ameshalituma. Halina kikombe cha chai.

Mwalimu wenu wa Hisabati