Ustadi Hungoja Alfajiri

Mchezaji akishazama katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, tezi ya pituitari humwaga homoni ya ukuaji kwa wingi, nayo husaidia kukarabati misuli iliyochanika kidogo kidogo mazoezini. Ustadi wa viungo una saa zake. Mwaka 2002, Matthew Walker na wenzake wa Harvard waliwafunza watu kubonyeza vitufe kwa mfuatano maalumu. Waliokaa macho mchana kutwa hawakupiga hatua ya maana. Walipolala, kasi ilipanda takriban asilimia 20, bila zoezi jingine. Faida hiyo iliendana na usingizi mwepesi kiasi wa robo ya mwisho ya usiku. Kocha anayemwamsha kijana saa kumi alfajiri huenda anamnyang'anya mbinu aliyomfundisha jana.