Maji Yasiyoguswa

Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayolisha sehemu kubwa ya jiji, haikuwa na maji ya kutosha ya kusukuma. Majumbani watu walipanga madumu. Viwandani maboza yaliingia na kutoka getini ili kazi isisimame. Siku kama hizo ndipo kiwanda hujulikana kama kilijengwa kwa akili, kwa sababu mashine za uzalishaji zinapokosa maji ya bomba hunywa ya tangini, na katika viwanda vingi tangi hilohilo ndilo linalotegemewa moto ukizuka.

Mhandisi anayepanga maji ya zimamoto kwa kiwanda cha namna hii aanze kwa kulifuta bomba la mtaani kwenye hesabu zake. Kazi ya bomba hilo ni moja tu, nayo ni kujaza tangi linapokuwa na maji. Asiunge pampu ya moto moja kwa moja kwenye bomba la jiji. Bomba likiwa tupu pampu itavuta hewa, na likiwa na maji kidogo itawanyonya majirani, tena itaingiza uchafu wa ardhini kupitia kila ufa. Maji ya jiji yaingie tangini kwa koki ya boya, yakidondoka kutoka juu ya usawa wa maji, basi.

Tuchukue kiwanda cha kushona nguo kilichoko kando ya barabara ya Nyerere, chenye ukumbi wa cherehani na stoo ya vitambaa. Juu ya dari kuna vinyunyizi, vile vichwa vidogo vinavyofunguka kwa joto, kila kimoja kwa wakati wake, juu ya moto wenyewe. Nje kuna haidranti za kuungia mipira. Kwa hatari ya kiwango hiki, kanuni za Marekani za NFPA 13, ambazo wahandisi wengi huzifuata, zinataka takriban lita 8 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, juu ya eneo la kama mita 140 za mraba. Hiyo ni lita 1,120. Vichwa vilivyo karibu na pampu hutoa zaidi ya vile vya mbali, kwa hiyo tuweke 1,400. Mipira miwili ya zimamoto itachukua lita 950 nyingine. Jumla ni lita 2,350 kila dakika.

Sasa zidisha kwa muda. Kanuni hizo zinataka dakika 60 hadi 90 kwa kiwanda kama hiki, na penye mgawo sioni sababu ya kuchukua ile ndogo. Dakika 90 zinatupa lita 211,500, yaani kama maboza 21 ya lita 10,000. Hakuna foleni ya maboza itakayoleta maji hayo wakati paa linaungua. Lazima yawe yamekwishakaa ndani ya uzio siku moto unapoanza.

Uzalishaji nao una haja yake. Tuseme kiwanda hutumia lita 20,000 kwa siku, na meneja anataka kustahimili siku tano bila maji ya jiji. Hizo ni lita 100,000. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Watu hujenga tangi moja kubwa, mabomba yote yakatoka chini, kisha hubandika tangazo ukutani kwamba maji yasishuke chini ya mstari mwekundu. Siku ya tatu ya mgawo mstari huo hupitwa. Msimamizi wa zamu ana oda ya kumaliza, moto haujatokea mwaka mzima, na mwenye kulinda mstari hayupo. Simlaumu msimamizi. Namlaumu aliyechora bomba.

Dawa yake ni urefu. Tangi letu liwe na sakafu ya mita 10 kwa 8, yaani mita 80 za mraba. Sentimita 30 za chini tuzihesabu kuwa maji yaliyokufa, kwa sababu ya matope na kwa sababu pampu ikivuta karibu na sakafu huanzisha kizingia na kumeza hewa. Ndiyo maana mdomo wa bomba la kufyonza huwekewa bamba pana la kuzuia maji yasizunguke. Juu ya hapo, maji ya moto yatachukua mita 2.65. Bomba la uzalishaji basi litoboe ukuta mita 2.95 kutoka sakafuni. Maji yakifika hapo cherehani na vyoo vinakauka, na uzalishaji unasimama wenyewe. Maji ya siku tano yatakaa juu yake kwa kina cha mita 1.25, na ukuta wa mita 4.5 utatosha na nafasi ya hewa. Mtu akitaka kuiba akiba hiyo atalazimika kutoboa zege, na hilo kila mtu ataliona.

Tangi ligawanywe vyumba viwili kwa ukuta wa katikati, kila kimoja na valvu yake, ili kimoja kikioshwa kingine kibaki na maji. Na lijengwe juu ya ardhi. Najua kwamba uwanja wa kiwanda ni wa thamani na kwamba matangi ya chini ya ardhi yamezoeleka, kwani juu yake magari yanaegeshwa. Lakini pampu ya kawaida ya kulala, ikikaa juu ya maji, hutegemea valvu ndogo mwishoni mwa bomba la kufyonza ibakize maji ndani. Punje ya mchanga ikikwama pale, maji hurudi tangini usiku kucha, na siku ya moto pampu huzunguka kwa kelele kubwa bila kutoa tone. Kanuni za NFPA 20 haziruhusu mpango huo. Maji yakiwa juu ya pampu hushuka yenyewe hadi mlangoni mwake. Aliyelazimika kuchimba anunue pampu ya wima, ile ambayo sehemu yake inayosukuma imezama ndani ya maji.

Pampu zenyewe ziwe tatu. Ndogo kabisa, mafundi huiita joki, hurudishia presha inayopotea kidogo kidogo kwenye mabomba. Presha ikianguka kwa sababu kinyunyizi kimefunguka, kubwa ya umeme huwaka yenyewe. Ikishindwa, au umeme ukikatika, ya dizeli hushika. Kila moja kati ya hizi mbili kubwa itoe mtiririko wote peke yake. Anayenunua mbili za nusu nusu amejinyima akiba. Kebo ya pampu ya umeme ichukuliwe kabla ya swichi kuu ya kiwanda, kwa sababu wazimamoto wakifika jambo la kwanza ni kukata umeme wa jengo. Injini ya dizeli iwe na seti mbili za betri, na mafuta ya kuendesha saa 8. Tangi hilo la mafuta nalo hulindwa, maana madereva wa folklifti hulifahamu.

Kisha mabomba. Hapa kuna tarakimu moja ambayo huwa naipenda, kwa kuwa huokoa fedha nyingi zisipotee mahali pabaya. Haidranti ya mbali iko mita 250 kutoka kwenye pampu. Ukipitisha lita zetu 2,350 katika bomba la milimita 100, msuguano utakula karibu baa 7 njiani. Ukipitisha katika bomba la milimita 150, utakula kama baa 1. Mwenye kiwanda aliyebana bei ya bomba hulipia pampu kubwa zaidi, umeme mwingi zaidi, na mara nyingi bado mpira wa mwisho hudondosha maji badala ya kuyarusha. Na bomba likizunguka jengo lote na kurudi lilikoanzia, maji huja pande mbili, kila upande ukibeba nusu, na hasara hushuka hadi kama robo ya baa. Faida nyingine ya mzunguko ni kwamba kipande kikipasuka hufungwa kwa valvu mbili, na haidranti zilizobaki huendelea kupata maji.

Haidranti zisimame kama mita 12 kutoka ukutani, ili ukuta ukianguka usimfunike anayeshika mpira, na pasiwe na kona ya kiwanda isiyofikiwa na mipira miwili ya mita 30 iliyoungwa. Kabla ya kununua midomo yake, chukua sampuli moja hadi kituo cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kilicho karibu ujaribu kuifunga kwenye mpira wao. Kwenye tangi lenyewe acha mdomo mpana wa gari la zimamoto kufyonza. Pampu zako zote zikigoma, gari lao lina pampu, na lisichokuwa nacho siku za mgawo ni maji.

Kisima kirefu kinasaidia, ila kwa kazi ya kujaza. Kanuni za Ulaya zinataka tangi lirudi kujaa ndani ya saa 36, yaani karibu lita 5,900 kwa saa kwa tangi letu, na NFPA huomba saa 8. Visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi, nayo hula chuma. Bomba la ardhini liwe la plastiki nene. Ndani ya jengo chuma hakikwepeki, kwa sababu plastiki iliyo wazi huyeyuka.

Kila wiki pampu ya dizeli iwashwe dakika 30, na ya umeme dakika 10. Andika pia joki imewaka mara ngapi. Iliyokuwa ikiwaka mara mbili kwa siku na sasa inawaka kila saa inakuambia kuna uvujaji chini ya ardhi. Valvu zote za mzunguko zifungwe kwa mnyororo na kufuli zikiwa wazi, kwani valvu iliyofungwa na fundi aliyesahau kuifungua imeunguza majengo yaliyokuwa na kila kitu kingine.

Mara moja kwa mwaka, fungua haidranti za mbali hadi zitoe mtiririko kamili, huku koki za kujaza na bomba la uzalishaji vikiwa vimefungwa. Tumbukiza fimbo yenye alama tangini. Baada ya dakika 10 lita 23,500 zimetoka, na juu ya sakafu ya mita 80 za mraba maji lazima yawe yameshuka kama sentimita 29. Yakishuka 15 tu, kuna kitu kimeziba au pampu imechoka, hata kama geji inaonyesha presha nzuri. Kumwaga maji kiasi hicho wakati wa mgawo kunauma, kwa hiyo majaribio mengine ya mwaka yafanywe kwa bomba la mita linalorudisha maji tangini, na hili la fimbo liwekwe Aprili, masika yakiwa yamekolea na tangi likiwa na hakika ya kujaa tena.