Sita ya Kopa ilipotoka mara mbili

Binti aliyekaa mbele yangu jioni ile Tanga alikuwa na swali moja tu: amfuate mchumba wake Maskati, au amsubiri arudi nyumbani. Swali la mapenzi huwa nalipangia karata saba. Ya kwanza ni yeye anayeuliza, ya pili ni mwenzake, ya tatu ni kinachowaunganisha, ya nne ni kinachowakwamisha, ya tano ni asichokisema, ya sita ni ushauri, na ya saba ni njia wanayoielekea. Sehemu ya tatu ikatoka Sita ya Kopa. Nikaiandika kwenye daftari, nikairudisha kwenye pakiti, nikachanga upya, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya. Akavuta karata ya nne. Sita ya Kopa tena.

Akashika kifua. "Shangazi, hiyo ni heri au shari?"

Karata ninazozungumzia ni za taroti. Zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na zilikuwa za kuchezea tu. Mambo ya kuzitumia kutazamia yalishika kasi Ufaransa katika karne ya 18. Pakiti moja ina karata 78: kubwa 22 zenye picha kama Jua, Mnara na Wapendanao, na ndogo 56 zilizogawanywa katika aina nne, kila aina 14. Aina hizo nne mchezaji wa karata wa barazani anazijua kwa majina bila kujua kwamba anazijua. Kopa, uru, shupaza na pau tumezirithi kwa Wareno, na katika lugha yao maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na fimbo. Ndizo aina nne za taroti: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Kwa hiyo simwiti mtu "Sita ya Vikombe" wakati neno letu lipo tangu enzi za majahazi.

Picha ya Sita ya Kopa inayojulikana zaidi ilichorwa na Pamela Colman Smith, kwa pakiti iliyotoka London mwaka 1909 chini ya uongozi wa Arthur Edward Waite. Ni ua wa nyumba ya zamani. Mvulana anamwinamia msichana mdogo na kumpa kikombe kilichojaa maua meupe. Vikombe vingine, navyo vina maua, vimepangwa mbele yao. Ukitazama nyuma, upande wa kushoto, utamwona mtu mzima mwenye mkuki akiondoka zake, amewapa mgongo. Wasomaji wa karata huisoma kuwa ni kumbukumbu: utoto, mapenzi ya zamani, nyumbani ulikotoka.

Kabla ya kumjibu yule binti ilinibidi nijibu swali la kwanza, ambalo wengi hulirukia. Karata imetokaje mara mbili? Ndani ya pakiti moja Sita ya Kopa ipo moja tu. Ukitandaza karata saba bila kurudisha hata moja, haiwezi kurudi, na ikirudi ujue pakiti ina kasoro: imechanganyika na nyingine, au imetoka kiwandani na karata ya ziada. Dawa yake ni kuzipanga mezani kwa aina, 14, 14, 14, 14, kisha zile 22, uone kama kuna pacha. Karata ya pacha haina ujumbe wowote. Itoe, uanze upya.

Marudio ya kweli yanapatikana tu pale utaratibu unapoyaruhusu. Wapo wanaorudisha kila karata na kuchanga upya, kama mimi. Wapo wanaotumia pakiti mbili, moja ya mume na moja ya mke, ili kila mmoja avute yake. Na zipo programu za simu ambazo kila sehemu huvutiwa kutoka kwenye pakiti kamili, hata kama hazikwambii hivyo. Ukiona programu imekuletea karata moja mara mbili katika mpangilio mmoja, basi hivyo ndivyo ilivyoundwa.

Wazee wa fani hii walivuta bila kurudisha, kwa hiyo walichotazama ni marudio ya cheo na si ya karata yenyewe. Waite aliacha orodha yake: malkia wawili wakitoka pamoja wakiwa wima, kwake ni marafiki wa kweli, watatu, ni hadaa ya wanawake. Mimi hiyo ya watatu siikubali, lakini inaonyesha kwamba kusoma marudio si jambo la jana.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapotishwa bure. Ukirudisha karata kila mara, ya pili ina nafasi 1 kati ya 78 ya kufanana na ya kwanza. Ya tatu ina nafasi 2 kati ya 78, kwa kuwa tayari zipo mbili za kufanana nazo. Inapanda hivyo hivyo hadi ya saba, yenye nafasi 6. Ukizijumlisha inavyotakiwa, utakuta kwamba katika mipangilio 100 ya karata saba, kama 24 itakuwa na karata iliyojirudia mahali fulani. Karibu moja kati ya nne! Kwa mpangilio wa karata tano ni kama 12 katika 100. Kwa hiyo kurudi peke yake si muujiza, na anayekuambia hajawahi kuona kitu kama hicho maishani mwake ama hajapanga karata nyingi, ama anakutayarisha kwa jambo.

Lakini karata kujirudia katika sehemu mbili ulizozitaja mapema, tuseme ya tatu na ya nne, nafasi yake ni 1 kati ya 78 tu. Hiyo ndiyo sababu naitazama zaidi sehemu iliyoangukia kuliko ule urudiaji wenyewe. Uzito au onyo hutoka hapo.

Sehemu mbili zikiwa upande mmoja wa habari, naisoma karata ya pili kuwa ni mkazo. Kama Sita ya Kopa ingetoka sehemu ya kwanza na ya pili, yeye na mwenzake, ningesema wote wawili wanatazama ua mmoja. Kila mmoja moyoni mwake amebeba ile Tanga ya zamani. Maana isingebadilika, ingekolea tu, kama mtu anaposema "nakuja, nakuja". Sehemu mbili zikiwa zinapingana, kinachounganisha na kinachokwamisha, au lililopita na linalokuja, hapo kitu kilekile kimekaa pande zote mbili za mzani. Hilo ni onyo, hata kama karata yenyewe ina sura nzuri. Na karata yenye sura nzuri ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu mwulizaji huona maua mara mbili akafurahi mara mbili.

Pale nisipokuwa na hakika, nina jaribio langu. Nafunika karata ya pili kwa kiganja na kuisimulia habari yote bila hiyo. Kama habari inasimama vilevile, karata ya pili ilikuwa inakazia. Kama pamebaki pengo, na simulizi imegeuka kuwa nyingine, basi sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyobeba neno. Natazama pia kama moja imetoka wima na nyingine kichwa chini. Ya kichwa chini huisoma kuwa kitu kilekile kimeharibika au kimepitwa na wakati, na hapo mkazo hauwezekani tena.

Kwa yule binti zote mbili zilitoka wima. Nikafunika ya nne. Karata zilizobaki zilisimulia watu wawili wanaopendana kwa dhati, wenye historia ndefu, na ushauri wa kusubiri kidogo. Habari tamu, ila haikuwa na kikwazo chochote, na mtu asiye na kikwazo hafungi safari kuja kuuliza. Nikaifunua.

"Mlijuana wapi?" nikamwuliza.

"Darasa la sita, Shangazi. Tumekua mtaa mmoja."

"Mkizungumza kwenye simu, mnazungumza nini?"

Alikaa kimya muda mrefu, akawa anaikunjakunja ncha ya mtandio wake. Kisha akasema wanazungumza shule, walimu, maembe ya kwa jirani, rafiki zao walivyokuwa. Mwenzake yuko Maskati mwaka wa nne. Hajui anaamka saa ngapi, analala chumba kimoja na nani, wala mkataba wake unaisha lini. Hajawahi kuuliza, kwa sababu kila simu ilikuwa tamu hivyo ilivyo.

Hapo sikuwa na la kuongeza. Kumbukumbu ndiyo iliyowaunganisha, na kumbukumbu hiyohiyo ilikuwa imechukua nafasi ya kufahamiana kama watu wazima. Karata haikumjulisha chochote kuhusu Maskati, na haiwezi. Karata hazioni ng'ambo ya bahari, na mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba zinaona. Ilimpa mahali pa kushika swali, jibu akalitoa mwenyewe. Tulikubaliana aulize mambo matatu kabla ya kukata tiketi: mkataba, makazi, na mwenzake anajiona wapi baada ya miaka mitano.

Alitaka tuvute tena, "tuhakikishe". Nilikataa. Ukiliuliza swali moja mara tatu usiku mmoja, marudio yatakayotoka hayatakuwa ya karata, yatakuwa ya wasiwasi wako, na kwa hesabu ile ya 24 katika 100, ukivuta vya kutosha utapata jozi ya kukutisha au ya kukufariji, upendavyo.

Kilichonifanya niandike haya ni jambo aliloniambia wakati anavaa viatu. Kabla yangu alikuwa amekwenda kwa mtu mwingine. Huko nako karata ilirudi, akaambiwa nyota yake imefungwa na ndugu wa mume, na kuifungua ni shilingi laki tatu pamoja na kafara. Nilimwuliza kama yule mtu alirudisha karata ya kwanza kwenye pakiti kabla ya kuvuta ya pili. Hakurudisha. Ilikuwa bado mezani wakati ya pili inatoka.

Basi nakuomba wewe unayesoma: ikitokea umekaa mbele ya mtu na karata ikarudi, kabla hujafungua pochi, mwombe azitandaze zote mezani azihesabu mbele yako. Zinatakiwa ziwe 78, na kila moja iwe peke yake.