Je, Wajua? Mnara Unaoumbua Picha

Mgeni akimletea mhifadhi wa nyaraka picha ya Beit al-Ajaib, Unguja, iliyoandikwa nyuma “1890”, shaka huanzia kwenye mnara wa saa. Kabla ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Ule ulioshikana nalo ulijengwa baadaye. Ukionekana pichani, mwaka huo si kweli. Lakini huenda aliyeandika mwaka alikosea tu, na picha yenyewe ni ya kale. Basi karatasi humulikwa gizani kwa taa ya urujuanimno. Iking’aa buluu, ina kemikali za kung’arisha, zilizoenea kwenye karatasi za picha miaka ya 1950. Isipong’aa, hilo pekee halithibitishi ukale. Na iking’aa, bado yaweza kuwa nakala mpya ya negativu ya zamani. Mgeni aulizwe negativu iko wapi.