Barua ya Kuondoka Kwenye Bodi

Machi 2019, gazeti la Baltimore Sun la Marekani lilichapisha habari iliyoitikisa taasisi kubwa ya hospitali katika jimbo la Maryland. Taasisi hiyo, inayoendesha hospitali zenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Maryland, haigawi faida kwa mtu yeyote, na wajumbe wa bodi yake hujitolea bila mshahara. Hata hivyo, gazeti liligundua kwamba wajumbe 9 kati ya takriban 30 walikuwa na biashara na taasisi ileile waliyokuwa wakiisimamia. Miongoni mwao alikuwa Catherine Pugh, meya wa jiji la Baltimore, aliyekuwa ndani ya bodi tangu 2001.

Biashara ya meya ilikuwa vitabu. Aliandika mfululizo wa vitabu vya watoto kuhusu msichana aitwaye Holly anayejifunza kula vizuri na kufanya mazoezi. Taasisi ya hospitali ilinunua nakala 100,000 kwa dola 500,000, kwa mafungu, kati ya 2011 na 2018. Kitabu cha afya kwa watoto si jambo baya, na hospitali kukinunua si kosa. Kilichowashtua watu ni kwamba muuzaji alikuwa pia mmoja wa wanaosimamia mfuko wa mnunuzi.

Siku chache baada ya habari hiyo kutoka, tarehe 18 Machi, Pugh alijiuzulu ujumbe wa bodi na kurudisha dola 100,000. Barua yake ilisema anaipenda kazi ya taasisi lakini ana mambo mengine mazito yanayohitaji muda na nguvu zake. Vitabu havikuwa ndiyo sababu aliyoitoa.

Hapo ndipo penye somo kwa kila anayekaa kwenye bodi ya asasi, iwe ya zahanati, ya shule ya kata au ya kituo cha watoto yatima. Kujiuzulu kwa sababu ya mgongano wa maslahi ni hatua ya kawaida na mara nyingi ya heshima. Lakini barua ikikwepa sababu ambayo kila mtu anaijua, msomaji huanza kuitafuta mwenyewe, na atakachokidhania mara nyingi huwa kibaya kuliko ukweli. Kwa Pugh, ukweli wenyewe uligeuka kuwa mzito. Mei 2019 aliacha umeya, Novemba akakiri mahakamani makosa ya kula njama za udanganyifu na kukwepa kodi katika mauzo ya vitabu hivyo, na Februari 2020 akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Bunge la Maryland nalo lilipitisha sheria iliyozuia wajumbe wa bodi hiyo kupewa mikataba bila ushindani na kulazimisha bodi yenyewe iundwe upya.

Si kila mgongano wa maslahi unadai mtu aondoke. Tume inayosimamia asasi za hisani nchini Uingereza na Wales inawaelekeza wadhamini kufanya mambo matatu kwa mpangilio: kuutambua mgongano, kuuzuia usiguse uamuzi, na kuuandika kwenye kumbukumbu. Katika hali nyingi kuuzuia ni jambo jepesi. Bodi inapojadili kukodi ukumbi wa shemeji yake mjumbe, mjumbe hutangaza uhusiano huo mwanzoni mwa kikao, hutoka nje wakati wa mjadala na kura, kisha katibu huandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Kikao kikiisha, mgongano nao umeisha.

Mambo hubadilika pale mgongano unapokuwa wa kudumu. Chukua mfano wa kubuni. Asasi moja inaendesha zahanati 4 wilayani na inataka kutangaza zabuni ya kuletewa dawa kwa miaka 3. Mjumbe mmoja wa bodi na mkewe wana hisa katika kampuni ya dawa inayotaka kuomba zabuni hiyo. Kampuni ikishinda, bodi itapitisha malipo kila robo mwaka, itapokea malalamiko ya waganga kuhusu dawa zilizochelewa, na itaamua kama mkataba uendelee au uvunjwe. Mjumbe huyo atalazimika kutoka nje karibu katika kila kikao, na wenzake waliobaki mezani watakuwa wakiijadili kampuni ya mtu watakayekunywa naye chai baadaye. Hapo kutoka nje hakutoshi. Ama kampuni isiombe zabuni, ama mjumbe aache kiti.

Akichagua kuacha kiti, inambidi afanye hivyo kabla zabuni haijatangazwa, na barua yake inaweza kusomeka hivi:

Yah: Kujiuzulu ujumbe wa Bodi ya Wadhamini

Ndugu Mwenyekiti, tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Najiuzulu ujumbe wa Bodi kuanzia tarehe 1 Juni. Kampuni ya dawa ambayo mimi na mke wangu tuna hisa inakusudia kuomba zabuni ya dawa za zahanati zetu. Kwa kuwa Bodi ndiyo itakayoamua zabuni hiyo na kusimamia mkataba wake, haifai niendelee kuwa mjumbe. Nilihudhuria kikao cha Februari kilichojadili bajeti ya dawa. Sijashiriki kikao kingine chochote kuhusu jambo hili. Nyaraka za Bodi nilizonazo nitazikabidhi kwa Katibu kabla ya tarehe hiyo. Naomba barua hii iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao kijacho.

Barua ni fupi, lakini kila sentensi ina kazi yake. Tarehe inaonyesha ujumbe unakoma lini, ili pasiwe na ubishi juu ya kura iliyopigwa wiki hiyo. Sababu imetajwa kama ilivyo: nani ana hisa, wapi, na zabuni ipi. Hakuna kiasi cha hisa wala habari za ndani za kampuni, kwa kuwa bodi haihitaji hayo ili kuelewa tatizo. Hakuna pia maneno kama "tuhuma", "kulisafisha jina langu" au "ingawa sina kosa". Maneno ya aina hiyo humfanya msomaji aulize ni nani aliyetuhumu, wakati hakuna aliyefanya hivyo.

Sentensi yenye uzito kuliko zote ni ile ya kikao cha Februari. Mwandishi angetamani kusema hakushiriki lolote, lakini alikuwepo bajeti ilipojadiliwa, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha jina lake. Akiandika kwamba hakushiriki kabisa, barua itakuwa imebeba uongo utakaogunduliwa siku ya kwanza ya ukaguzi. Akiutaja mwenyewe, anaipa bodi nafasi ya kupima kama taarifa alizozisikia zinaipa kampuni yake faida isiyo ya haki dhidi ya washindani. Huenda bodi ikaamua kuwapa waombaji wote makadirio yaleyale ya bajeti. Huenda pia ikaamua kwamba kampuni hiyo isishiriki zabuni ya mwaka huu, na hilo nalo ni halali. Kujiuzulu hakufuti alichokisikia mtu akiwa ndani.

Lugha isiyoegemea upande inaweza pia kubeba ahadi zisizo za lazima. Tarehe 20 Februari 2018, OpenAI, ambayo wakati huo ilikuwa asasi isiyo ya faida ya utafiti huko Marekani, ilitangaza kwamba Elon Musk anaondoka kwenye bodi yake. Sababu ilielezwa kwa utulivu: kampuni yake ya magari, Tesla, ilikuwa ikizidi kujikita katika teknolojia ileile ya akili bandia, hivyo kuondoka kwake kungeondoa mgongano unaoweza kujitokeza baadaye. Hakukuwa na lawama wala utetezi. Lakini tangazo liliongeza kwamba ataendelea kuchangia fedha na kutoa ushauri. Mwaka 2024 Musk aliishtaki OpenAI, nayo ikachapisha barua pepe za 2017 na 2018 zilizoonyesha mvutano juu ya nani aishike asasi hiyo. Tangazo lile la sentensi chache likaanza kusomwa upya na watu waliotaka kujua alichoahidi na alichotekeleza. Anayeondoka hana haja ya kuahidi mchango, urafiki wala ushauri katika barua ya kujiuzulu. Akitaka kuendelea kusaidia, jambo hilo lina barua yake na siku yake.

Bodi inayobaki nayo ina wajibu wa maneno. Wafadhili na wafanyakazi wataona jina limetoweka kwenye karatasi za asasi, na ukimya utawafanya wabuni wenyewe. Tangazo la sentensi mbili linatosha: kwamba fulani amejiuzulu kuanzia tarehe fulani kwa kuwa kampuni anayomiliki hisa inakusudia kuomba zabuni ya asasi, na kwamba hakushiriki katika uamuzi wa zabuni hiyo. Sifa ndefu huleta wasiwasi sawa na ukimya, kwani msomaji hujiuliza kwa nini mtu mwema hivyo ameachwa aondoke. Sababu ya bodi ifanane na ile ya barua. Mwenyekiti akisema ni afya na barua ikasema ni zabuni, asasi itakuwa na hadithi mbili, na mwandishi wa habari atazichapisha zote mbili.

Baada ya maneno huja kazi za ofisini, na nyingi hukwama hapa. Katibu aangalie katiba ya asasi inataka taarifa ya siku ngapi, na kama wajumbe waliobaki bado wanatimiza akidi. Bodi ya watu 5 inayohitaji watu 5 haiwezi kupitisha zabuni hiyo mpaka mwingine ateuliwe. Kwa asasi zenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa Tanzania chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, mabadiliko ya wadhamini yanapaswa kupelekwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ofisi ya RITA. Na benki iandikiwe siku hiyohiyo ili jina la aliyeondoka litolewe kwenye orodha ya watia saini wa hundi.

Wewe uliye kwenye bodi leo, kabla ya kikao kijacho mwombe katibu nakala ya katiba na usome kifungu cha kujiuzulu na kile cha mgongano wa maslahi. Kama kifungu cha pili hakipo, pendekeza kiwekwe kwenye ajenda sasa, kabla zabuni ya mtu yeyote haijafika mezani.