Samaki Mbili na Saa Kumi Usiku: Kusahihisha Shajara ya Mgeni

Mgeni akitamka "hujambo" tu, wenyeji humwambia Kiswahili chake ni kizuri mno. Akileta shajara aliyoiandika kwa Kiswahili, tunaisoma, tunatabasamu, tunamrudishia pamoja na sifa zile zile. Ni ukarimu, lakini kesho ataandika makosa yale yale.

Tuchukue ukurasa mmoja wa mfano. Tuseme mwandishi ni Mjerumani aliyeanza Kiswahili miezi michache iliyopita:

"Jana nilienda soko. Nilinunua samaki mbili. Muuzaji aliuliza mimi jina langu. Nilipika samaki, na chakula ilikuwa nzuri. Usiku nililala saa kumi."

Kalamu ya mwalimu ingekimbilia "sokoni", "samaki wawili", "aliniuliza" na "kilikuwa kizuri". Yote ni sahihi. Lakini mwanafunzi akirudishiwa ukurasa wenye masahihisho ya kila namna, husoma, huitikia kwa kichwa, kisha hufunga daftari. Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha hakusaidii, na kwamba walimu waache kabisa. Wengi walimpinga. Mmoja wao, John Bitchener wa New Zealand, alifanya jaribio lenye shabaha finyu: wanafunzi wa Kiingereza walisahihishwa matumizi mawili tu ya "a" na "the", na mengine yakaachwa. Miezi miwili baadaye waliosahihishwa walikuwa bado wanawashinda wenzao ambao hawakusahihishwa. Jaribio hilo halithibitishi kwamba kila kosa hutibika hivyo, maana kanuni zile mbili ni nyepesi kueleza. Lakini linatosha kumshauri mwenye shajara asiombe "nisahihishie", bali aombe kitu kimoja.

Kwa Mjerumani wetu ningeanza na upatanisho wa ngeli, kwa kuwa hujitokeza karibu katika kila sentensi. Msomaji apigie mstari "mbili" na "ilikuwa nzuri", asiandike jibu. Mwandishi atafute mwenyewe, na akishindwa ndipo aambiwe. "Aliuliza mimi" ingoje wiki nyingine. "Soko" tofauti: kama hajawahi kufundishwa kiambishi -ni, kumpigia mstari ni kumtesa bure, mpe tu neno.

Kwa nini atafute mwenyewe? Richard Schmidt, mwanaisimu Mmarekani, aliishi Rio de Janeiro kwa miezi mitano akijifunza Kireno, huku akiweka shajara ya kujifunza kwake na kurekodi mazungumzo yake. Baadaye yeye na Sylvia Frota, mzawa wa Kireno cha Brazil, waliyalinganisha hayo mawili, wakachapisha matokeo mwaka 1986. Kufundishwa jambo darasani hakukutosha. Aliyoyatumia kwa kawaida yalikuwa yale aliyoyabaini watu wakimwambia. Na masahihisho ambayo hakutambua kwamba ni masahihisho hayakumfaa sana. Mstari chini ya neno, bila jibu, humlazimisha mtu kutambua.

Linabaki kosa ambalo kalamu haikuligusa: "Usiku nililala saa kumi." Sarufi haina doa. Ila Mjerumani alikusudia saa nne usiku, maana kwao saa kumi ya usiku ni hiyo. Alivyoandika, alikesha mpaka karibu na alfajiri. Msahihishaji hana namna ya kujua. Dawa ni msomaji kusimulia kwa mdomo alichoelewa: "Kumbe ulilala karibu na adhana ya alfajiri?" Mwandishi atashtuka papo hapo. Kwa maoni yangu, dakika mbili za kusimuliana hivi huzidi thamani ya wino wote mwekundu, na jirani yeyote anaweza kuzitoa hata kama hajui ngeli huitwaje.

Kupima maendeleo, usihesabu makosa peke yake. Anayeogopa ngeli hujificha katika sentensi fupi, na ukurasa wake huonekana safi. Hesabu nafasi zilizohitaji upatanisho, kisha angalia ngapi amezipatia. Tuseme wiki ya kwanza alipatia 8 kati ya 20, na wiki ya tatu 15 kati ya 20: amepiga hatua. Akipatia 5 kati ya 5, mwombe aandike zaidi, na anapokosa neno aliweke kwa Kijerumani badala ya kulikwepa. Na hesabu hiyo ifanywe kwenye kurasa mpya. Kunakili upya ukurasa uliosahihishwa kunaonyesha tu kwamba anajua kunakili.

Basi ukiletewa daftari la namna hiyo, uliza kwanza: "Wiki hii unataka nikuangalizie nini?" Kisha msimulie ulichoelewa kabla hujashika kalamu.